Nani atafunga maji? Jinsi ya kunyoosha tangazo lililojaa nomino dhahania

Tangazo hili niliombwa na katibu wa kamati ya maji nilipitie kabla halijabandikwa. Nimebadilisha maneno machache ili kijiji kisitambulike, lakini muundo wa sentensi ni uleule:

"Kufuatia kujitokeza kwa uvujaji wa maji katika bomba kuu, kutakuwa na usitishwaji wa utoaji wa huduma ya maji ili kuwezesha ufanyikaji wa ukarabati. Uzingatiaji wa uhifadhi wa maji ya kutosha kwa matumizi ya nyumbani unasisitizwa. Urejeshaji wa huduma utafanyika mara baada ya ukamilikaji wa zoezi hilo. Aidha, ulipaji wa ankara kwa wakati ni muhimu kwa uendelevu wa utoaji wa huduma."

Halina kosa la sarufi. Upatanisho wa kisarufi uko sawa, tahajia iko sawa, na mwalimu wa Kiswahili asingepata pa kuweka kalamu nyekundu. Lakini lisome tena ukijiweka mahali pa mama mwenye watoto watatu na madumu mawili. Maji yatafungwa lini? Atafunga nani? Ateke kiasi gani? Maneno 60 yamepita na hajui. Mwongozo huu unaonyesha jinsi ya kulinyoosha tangazo la namna hii, hatua kwa hatua. Njia hiyohiyo inafaa kwa muhtasari wa kikao, ripoti ya mradi au barua ya ofisi.

Hatua ya kwanza: pigia mstari kila tendo lililogeuzwa jina

Chapisha maandishi yako au yaandike kwa mkono, kisha uchukue kalamu. Tafuta maneno ambayo yalikuwa vitenzi na sasa yamevaa vazi la nomino. Yaliyo rahisi kuona ni yale yanayoanza na u- na kuishia na -aji: utoaji, uvujaji, ulipaji. Mengine yamejificha zaidi. Kuna yanayoishia na -fu au -zi, kama upungufu, ukaguzi na uelekezi. Kuna yanayoanza na ma-, kama matumizi, malipo na mapitio. Na kuna kitenzi-jina kinachofuatwa na "kwa", kama "kujitokeza kwa" na "kukatika kwa".

Ukiwa kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl+F, andika "aji" na uache nafasi moja baada yake. Utapata mengi kwa mara moja. Yatakuja pia majina ya watu, kama msomaji na mlipaji. Hayo yaruke, maana hayo ni watendaji na ndio tunaowatafuta.

Katika tangazo letu nilipata 14, na hapo "huduma" na "zoezi" sikuyahesabu. Kisha nikazungushia duara vitenzi vinavyobeba nafsi na wakati. Nikapata vitatu tu: "kutakuwa na", "unasisitizwa" na "utafanyika". Hakuna hata kimoja kinachogusa bomba, maji wala ndoo. Matendo yote ya kweli, yaani kuvuja, kufunga, kuziba, kuteka na kufungua, yamefungiwa ndani ya majina, na vitenzi vilivyobaki kazi yake ni kuyabeba tu.

Wabebaji hawa ukiwajua sura hawakupotei tena: kufanya, kufanyika, kutoa, kupata, kuwa na, kuwezesha, kutekeleza. Mahali "kufanya ukaguzi" ilipo, "kukagua" imelala chini yake. Hata hivyo, usikichanganye kitenzi "piga" na hawa. Kupiga pasi, kupiga deki na kupiga simu ni Kiswahili kilichokomaa ambacho mtoto hukinyonya na maziwa ya mama. Usijaribu kukinyoosha.

Hatua ya pili: uliza nani, nini na lini

Hii ndiyo hatua kubwa. Ukiiruka, zilizobaki zitakuwa mapambo.

Kitenzi cha Kiswahili hakikubali kusimama mtupu. Ukitaka kusema "funga" katika taarifa kamili, lugha yenyewe inakudai mtendaji na wakati kabla hujatoa neno mdomoni: a-ta-funga, tu-li-funga, wa-me-funga. Nomino haidai chochote. "Ufungaji wa maji" hausemi ni wa jana au wa kesho, na hausemi mkono ulioshika koki ni wa nani. Ndiyo maana mtu asiyejua, au asiyetaka kusema, hukimbilia nomino. Mara nyingi si hila. Ni kwamba aliyeandika hakuwa amepata majibu, na nomino zikamruhusu kuendelea bila kuyapata.

Kwa hiyo mbele ya kila neno ulilopigia mstari, andika pembeni majibu matatu: nani anatenda, anatenda nini au anamtendea nani, na lini. Pale usipojua, weka alama ya kuuliza. Usikisie. Katika tangazo letu alama za kuuliza zilikuwa nyingi kuliko majibu, nikampigia katibu.

"Katibu, maji yatafungwa siku gani?"

"Jumanne, mwalimu. Fundi amesema saa 2 asubuhi."

"Na atamaliza saa ngapi?"

"Anasema kabla ya saa 10 jioni, vifaa vikitosha."

"Bomba linavuja wapi?"

"Linavuja pale karibu na tangi."

Mazungumzo hayakufika dakika mbili, na kila alichosema kilikuwa na kitenzi. Alijua mambo yote. Aliposhika kalamu tu ndipo "fundi atafunga" ilipogeuka "kutakuwa na usitishwaji".

Hapa kuna mtego ambao ulinipata mimi mwenyewe, na ninaueleza kwa sababu ni rahisi kuuingia. Kihusishi "wa" kinachofuata nomino za namna hii kina pande mbili. "Ukaguzi wa wahasibu" unaweza kuwa wahasibu wanakagua, au wahasibu wanakaguliwa. "Uchangiaji wa wazazi" unaweza kuwa wazazi wanachanga au wanachangiwa. Mwaka fulani nilinyoosha muhtasari wa kikao cha shule uliokuwa na maneno "uteuzi wa kamati utafanyika wiki ijayo". Nikaandika kwa kujiamini: "Kamati itateua wiki ijayo." Kumbe kamati yenyewe haikuwepo bado, wazazi ndio walikuwa waiteue. Wazazi kadhaa hawakuja, kwa kuwa walisoma kwamba kazi ni ya wengine. Kosa lile lilikuwa langu, na tangu siku ile kila "wa" inayofuata tendo naiulizia, hata kama jibu linaonekana wazi.

Hatua ya tatu: rudisha kitenzi, na uchague mnyambuliko wake

Sasa una majibu. Chukua kila nomino uivue u- na -aji, ubaki na mzizi, kisha uupe mtendaji na wakati. Uvujaji ni -vuja: bomba linavuja. Urejeshaji ni -rejesha: fundi atarejesha.

Lakini usiishie kwenye mzizi wa kwanza unaouona. Jiulize kama ndicho kitenzi ambacho watu hukitumia kwa kazi hiyo. "Uhifadhi wa maji" ukiuvua unapata "hifadhi", na "hifadhini maji" inaeleweka. Hata hivyo, kijijini watu huteka maji, huchota, hujaza. "Tekeni maji" inampeleka mtu moja kwa moja kisimani au bombani akiwa na ndoo mkononi. Vivyo hivyo "kurejesha huduma": fundi hafanyi jambo hilo, yeye hufungua maji. Kitenzi cha kweli mara nyingi ni kifupi kuliko kilichofichwa ndani ya nomino.

Kisha kuna mnyambuliko, ambao ni utajiri wetu mkubwa katika kazi hii. Herufi mbili tatu mwishoni mwa kitenzi hubeba kazi ambayo nomino huifanya kwa msururu wa maneno. "Utoaji wa mafunzo ya usomaji kwa watoto" ni "kuwafundisha watoto kusoma". "Ununuzi wa vitabu kwa ajili ya wanafunzi" ni "kuwanunulia wanafunzi vitabu", na ile -li- ya kauli ya kutendea imemaliza "kwa ajili ya". "Ushirikishwaji wa wanakijiji" ni "kuwashirikisha wanakijiji", ingawa hapo bado ningeuliza: kuwashirikisha kwa kufanya nini hasa?

Kaa kidogo kwenye tofauti kati ya kutendwa na kutendeka, kwa sababu hapo ndipo ukweli unapoonekana au kufichika. "Kukatika kwa maji" kunaweza kurudishwa kwa njia tatu. Maji yatakatika: hii inasema yatakatika yenyewe, kana kwamba hakuna aliyeamua. Maji yatakatwa: kuna mtu atakayekata, ila hatumtaji. Tutakata maji, au fundi atafunga maji: mtendaji amesimama mbele. Zote ni sahihi kisarufi, lakini hazisemi jambo moja. Bomba likipasuka usiku, "maji yalikatika" ni kauli ya haki. Kamati ikiamua kufunga koki Jumanne, "maji yatakatika" inawaficha waliokaa wakaamua. Kwa tangazo langu nilichagua "fundi wetu atafunga maji", kwa kuwa ndivyo ilivyo na hakuna wa kuona haya.

Hatua ya nne: vunja mnyororo wa "wa", uweke viunganishi

Rudi kwenye sentensi ya kwanza ya tangazo uhesabu: uvujaji wa, usitishwaji wa, utoaji wa, ufanyikaji wa. Nomino zote hizo ziko katika ngeli moja, kwa hiyo zote zinachukua "wa" ileile. Msomaji akifika katikati hana kipini cha kushika. Hajui "wa" ipi inamrudisha wapi. Tumeitupa zawadi ya ngeli, ambayo ingemsaidia sana.

Vitenzi vinairudisha. Tazama: "Bomba kuu linavuja karibu na tangi. Jumanne saa 2 asubuhi fundi wetu atafunga maji ili alizibe, na akimaliza atayafungua." Katika "alizibe", ile -li- ni bomba. Katika "atayafungua", ile -ya- ni maji. Hakuna anayeweza kuchanganya, na sikulazimika kurudia nomino hata moja. Viambishi vya yambwa vimeshika uzi ambao zile "wa" nne ziliuachia.

Uhusiano kati ya matendo nao unahitaji neno lake. Nomino huunganishwa kwa maneno mazito: kufuatia, kwa lengo la kuwezesha, mara baada ya ukamilikaji wa. Vitenzi huunganishwa kwa maneno mepesi. Ukiwa na sababu, weka "kwa sababu" au "kwa kuwa". Ukiwa na kusudi, weka "ili" na kitenzi kinachoishia na -e. Ukiwa na wakati au sharti, mara nyingi -ki- na -po- zinatosha: "akimaliza", "atakapomaliza". Angalia kwamba hizo mbili haziko sawa. "Akimaliza" inaacha nafasi kidogo kwamba huenda asimalize. "Atakapomaliza" inalichukulia jambo kuwa litatokea. Fundi alisema "vifaa vikitosha", hivyo nilibaki na -ki-.

Hatua ya tano: acha nomino zinazostahili kubaki

Mtu akishaijua njia hii huwa na hamu ya kung'oa kila kitu. Asifanye hivyo. Nomino nyingine ni majina ya vitu vinavyojulikana, si matendo yaliyofichwa. Uchaguzi ni tukio lenye siku yake. Unaweza kusema "ule uchaguzi wa mwaka juzi" na watu wakaukumbuka. Urithi, umiliki na ushahidi ni maneno ya sheria yenye mipaka yake, na ukiyabadilisha kwenye mkataba unaweza kubadilisha haki ya mtu. Jina la idara au wizara haliguswi kabisa.

Nomino pia hufaa inapokusanya jambo ambalo kitenzi kimekwisha kulieleza. Ukiandika "Fundi ataziba bomba na kubadilisha koki mbili", sentensi inayofuata inaweza kuanza "Matengenezo hayo yatatugharimu...". Msomaji ameshamwona fundi akifanya kazi, kwa hiyo nomino sasa ni kifupisho na haimfichi mtu.

Kuna pia mahali ambapo kitenzi kinachofanana na nomino kina maana nyingine. Mwanafunzi hufanya mtihani. Ukimwandikia kwamba "anatahini" umemfanya mwalimu, maana anayetahini ni yule anayempima mwenzake. Shahidi hutoa ushahidi mahakamani. "Alishuhudia" inasema aliona tukio, na anaweza kushuhudia asifike mahakamani maisha yake yote. Mtu anaweza kukutana na mwenzake sokoni, lakini hapo hajafanya mkutano. Kila unapovua nomino, ujiulize kama mtu wa kazi hiyo angekubali kwamba umesema jambo lilelile.

Hatua ya sita: pima uzito wa amri

Hii ni fupi, lakini ina matokeo. "Uzingatiaji wa uhifadhi wa maji unasisitizwa" ni amri, ombi au ushauri? Nomino zimeuficha uzito. Ukirudisha kitenzi lazima uchague: "tekeni maji", "tunawaomba mteke maji", "ni lazima mteke maji". Kwa maji ya nyumbani, "tekeni" inatosha. Ni neno la jirani kwa jirani, na hapa hakuna adhabu wala sheria. Kama ni tangazo la kodi au la mwisho wa kujiandikisha, usiilainishe "lazima" ili sentensi ipendeze. Rudi kwa aliyetoa agizo umuulize anataka ipi.

Tangazo baada ya kunyooshwa

Sentensi ya mwisho, ile ya ankara, ilinisumbua. Nilipoivua ikawa: "Lipeni bili mapema, maana fedha hizo ndizo tunazonunulia vipuri." Kwa nomino ilikuwa imejipenyeza bila kuonekana. Ilipopata kitenzi ikajulikana kuwa ni jambo jingine kabisa, na mtu anayeambiwa kwamba kesho kutwa hatakuwa na maji hapendi kudaiwa katika pumzi ileile. Nilimshauri katibu aiandike kwenye tangazo lake peke yake, ikiwa na tarehe na kiasi. Alikubali. Kilichobaki ni hiki:

"Bomba kuu linavuja karibu na tangi. Jumanne saa 2 asubuhi fundi wetu atafunga maji ili alizibe, na akimaliza atayafungua. Tunatarajia atamaliza kabla ya saa 10 jioni. Jumatatu jioni tekeni maji yatakayowatosha siku nzima."

Ukiiweka kando sentensi ya ankara, tangazo la kwanza lilikuwa na maneno 46; hili lina 33, ukihesabu na saa. Ufupi si jambo ninalolijali zaidi. Vitenzi vyenye nafsi na wakati, au vyenye amri, vimetoka vitatu hadi tisa, na ndani ya maneno hayo machache mna siku, saa, mahali na mtendaji, ambavyo havikuwamo kabisa. Na usishangae ukinyoosha maandishi yako yakarefuka. Hilo hutokea pale nomino zilipokuwa zimeficha mambo mengi. Majibu yakiingia huchukua nafasi yake.

Jambo la kuangalia hapa ni kujaza vitenzi mpaka vikosane. Niliandika mara ya kwanza: "Jumatatu jioni tekeni maji yatakayowatosha mtakapokuwa mnasubiri fundi atakapokuwa akilitengeneza bomba." Vitenzi vingi, na sentensi haipumui. Dalili yake ni hiyo: -po- na -yo- zikipandana mara tatu katika sentensi moja, weka nukta katikati au ukate kilichozidi. "Siku nzima" ilitosha.

Hatua ya mwisho: msomee mtu ambaye hakuwepo

Soma kwa sauti, lakini usijisomee mwenyewe, kwa kuwa wewe tayari unajua jibu. Mtafute mtu ambaye hakuhudhuria kikao, msomee mara moja, kisha umuulize atafanya nini. Usimuulize kama ameelewa. Kwa heshima yako atasema ndiyo.

Mimi nilimsomea mama anayeuza maandazi karibu na kwangu. Nikamuuliza, "Sasa dada, utafanyaje?"

"Nitateka Jumatatu jioni, na Jumanne nitaamka mapema nikande unga kabla ya saa 2," alisema. Kisha akaniangalia. "Lakini mwalimu, tangi lipi? La shuleni au lile la zahanati? Maana watoto wangu wanapita pale, na kama wanachimba nisiwaruhusu."

Nikampigia tena katibu, na kabla hatujabandika tukaandika "karibu na tangi la shuleni".